Kipeuo cha x² + a²: dhana potofu kuhusu sinh, na ukweli wake

Wanafunzi ninaowasaidia na kalkulasi hapa Nakuru wakati wa likizo, wengi wao kutoka Njoro na wachache kutoka Maseno, huja na kanuni moja vichwani: ukiona √(x² + a²), andika x = a tan θ. Kanuni hiyo ni sahihi. Kinachonisikitisha ni kwamba imewafanya waiogope njia ya pili, x = a sinh t, ambayo mara nyingi ndiyo nyepesi zaidi. Nikisikiliza sababu za woga huo, naona karibu zote zimesimama juu ya mambo yasiyo ya kweli.

Dhana: sinh ni njia ya mkato, na mtahini hataikubali.

Ni njia kamili, tena ya zamani. Mwitaliano Vincenzo Riccati alikwisha kuandika kuhusu fanksheni hizi mwaka 1757. Ikiwa swali halijataja njia ya kutumia, hatua zake zinajitetea zenyewe. Tuchukue intigrali hii, ya √(x² + 16) kuanzia x = 0 hadi x = 3.

Ukitumia x = 4 tan θ, kipeuo kinakuwa 4 sec θ, na dx inakuwa 4 sec² θ dθ. Unabaki na 16 mara intigrali ya sec³ θ. Hiyo haitoki hivi hivi. Lazima uigawe sehemu mbili, intigrali uliyoanza nayo ijitokeze tena upande wa kulia, uihamishe, ugawe kwa mbili, na bado uwe unakumbuka intigrali ya sec θ yenyewe. Kazi nyingi ninazosahihisha hukwama hapo.

Sasa weka x = 4 sinh t. Basi dx = 4 cosh t dt. Na kwa kuwa sinh² t + 1 = cosh² t, kipeuo kinakuwa 4 cosh t. Hakuna haja ya alama ya thamani kamili, maana cosh t haishuki chini ya 1 kamwe. Kilichobaki ni hiki:

```
16 ∫ cosh² t dt = 8 ∫ (1 + cosh 2t) dt
                = 8t + 4 sinh 2t
```

Mipaka nayo hubadilika. x = 0 inatoa t = 0. x = 3 inatoa sinh t = 3/4, na hapo t = ln(3/4 + 5/4) = ln 2. Kisha sinh(2 ln 2) = sinh(ln 4) = (4 − 1/4)/2 = 15/8. Jibu ni 8 ln 2 + 7.5, yaani takriban 13.045. Njia ya tan inafika papo hapo, ila kwa mzunguko mrefu.

Dhana: cosh² t + sinh² t = 1, kama kwa sin na cos.

Hili ndilo kosa ninalolisahihisha zaidi ya yote, na lina hila yake. Mwanafunzi mwangalifu hujaribu t = 0: cosh 0 ni 1, sinh 0 ni 0, jumla ni 1. Anaridhika na kuendelea. Lakini t = 0 haiwezi kutenganisha kanuni mbili hizi, kwa sababu sinh ikiwa sifuri, kujumlisha na kutoa ni mamoja. Jaribu t = ln 2, ambapo cosh ni 5/4 na sinh ni 3/4. Ukijumlisha miraba yake unapata 34/16. Ukitoa unapata 16/16. Kanuni ya kweli ni cosh² t − sinh² t = 1. Alama hiyo ya kutoa ndiyo inayofanya sinh² t + 1 iwe mraba mmoja, na bila hiyo kipeuo chetu kisingefunguka.

Kwa hiyo usihamishe kanuni za trigonometria jinsi zilivyo. cosh 2t ni 1 + 2 sinh² t, ilhali cos 2θ ni 1 − 2 sin² θ. Ukidiferenshieti cosh t unapata sinh t, bila ile alama hasi tuliyozoea kwa cos.

Dhana: t ni pembe, kwa hiyo lazima kalkuleta iwe kwenye radiani.

t si pembe. Ni namba tu, na ukipenda picha, inahusiana na eneo lililo kando ya haipabola. Kalkuleta za kawaida zenye kitufe cha hyp hutoa 0.6931 kwa sinh⁻¹(0.75), iwe imewekwa digrii au radiani. Mwaka jana binti mmoja aliona 0.6931, akadhani ni digrii, akazidisha kwa π/180, akabaki na 0.0121. Jibu lake la mwisho likawa takriban 7.6.

Nilimwambia arudi kwenye mambo ya kidato cha nne, yaani kukadiria eneo. Kati ya 0 na 3 mchoro wa √(x² + 16) haushuki chini ya 4 wala haupiti 5, na upana ni 3. Kwa hiyo eneo lazima liwe kati ya 12 na 15. 7.6 haiwezekani. Trapeza moja tu inatoa 13.5, juu kidogo ya jibu la kweli kwa sababu mchoro umepinda kwenda juu. Ukaguzi huo hauchukui hata dakika, na unafaa kwa njia zote mbili.

Dhana: majibu mawili yakitofautiana, moja lina kosa.

Bila mipaka, njia ya sinh humalizika kwa 8 sinh⁻¹(x/4), na mara nyingi njia ya tan huandikwa 8 ln(x + √(x² + 16)). Hayafanani, na nimeona alama zikikatwa kwa ajili hiyo. Lakini sinh⁻¹(x/4) ni ln(x + √(x² + 16)) − ln 4. Tofauti ni 8 ln 4, namba isiyobadilika, na inamezwa na C.

Dhana: basi sinh ni bora kila mara.

Wanaoipenda nao huvuka mpaka. Kama nje ya kipeuo hakuna x nyingine, hesabu kipeuo kimejitokeza mara ngapi, kiwe juu au chini ya mstari. Zikiwa witiri, sinh inakuacha na cosh iliyopandishwa mara shufwa, na hizo hufunguka vizuri. Kwa 1/√(x² + a²) kila kitu hukatana, na jibu ni t tu. Zikiwa shufwa hakuna kipeuo cha kweli, kama kwenye 1/(x² + a²)². Hapo sinh inakupa 1/cosh³ t, yenye usumbufu uleule wa sec³ θ, wakati tan inakupa cos² θ na unamaliza kwa mistari michache.

Na kukiwa na x moja tu ikizidisha nje, kama x√(x² + a²), usitumie yoyote kati ya hizo mbili. Weka u = x² + a².