PID na kona: kosa liko kwenye vizidishi

"PID haiwezi kufuata kona mwendo ukibadilika, lazima MPC, sivyo?"

Si lazima. PID ni kidhibiti kinachogeuza usukani kulingana na kosa la njia, na vizidishi ndivyo huamua kigeuze kwa nguvu kiasi gani. Mara nyingi kinachoiangusha ni kuachiwa vizidishi vilevile kwa kila mwendo. Kigari kinachojiendesha kikitoka mita 0.5 hadi 1.5 kwa sekunde, pembe ileile ya usukani inakisukuma kando kwa mchapuko mara 9. Mota ya usukani ikichelewa kidogo tu, kinayumba kama mlevi. Punguza vizidishi mwendo unapopanda, kisha jumlisha kwenye jibu la PID pembe ya usukani inayodaiwa na kona yenyewe, delta:

```
delta = atan(L / R)
```

Ekseli zikiachana mita 0.5, yaani L, na nusu kipenyo cha kona, yaani R, kikiwa mita 2, hiyo ni digrii 14. PID inabakiwa na masahihisho madogo.

MPC, kidhibiti kinachotabiri mwendo wa mbele kwa modeli ya kigari, inastahili gharama yake pale usukani unapokaribia kikomo, kwani huiona kona mapema ikapunguza mwendo. Modeli yake isipojua mota inachelewa, nayo itayumba.