Chupa ya mlonge mezani: jinsi picha inavyogeuka dawa bila wewe kujua

Mi napiga picha za bidhaa hapa Moshi, na kazi inayonifikirisha zaidi kuliko zote ni hizi chupa za virutubisho na majani ya asili, maana picha inaweza kusema "inatibu" hata kama lebo haijasema hivyo popote.

Kuna mama mmoja alinijia na chupa zake za kapsuli za mlonge, kioo cha kahawia, lebo imeandikwa vizuri tu kwamba ni kirutubisho cha chakula. Alitaka zipigwe jikoni kwake na tayari alishapanga meza: chupa katikati, mashine ya presha pembeni, glasi ya maji, na kapsuli tano kwenye kijiko. Nikamwambia, mama, hiyo mashine tuitoe kwanza. Akasema, "Mwanangu, mbona mimi sijaandika presha?" Kweli hajaandika, ila mtu akiona mashine ya presha na chupa pamoja anajijazia mwenyewe. Hata Wamarekani, kanuni yao ya mwaka 2000 kuhusu lebo za virutubisho inahesabu picha na alama pia, sio maneno peke yake, na mchoro wa mapigo ya moyo kama ule wa hospitali wanauona ni sawa na kutaja ugonjwa.

Tukapanga upya. Maji na kijiko vikatoka, maana maji na kapsuli vikikaa pamoja macho yanasoma "kumeza dawa". Tukaweka kile alichokuwa anakula kweli asubuhi ile: kikombe cha chai ya maziwa, ndizi mbivu, nusu parachichi kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, na mchicha alioununua Mbuyuni ukiwa bado na maji. Alitaka kuongeza machungwa kwa ajili ya rangi, nikakataa, sababu lebo inataja mlonge tu na chungwa likigusana na chupa mtu ataamini limo ndani. Parachichi tuliliacha ila likakaa nyuma, upande wa chai, ionekane ni chakula cha meza na sio malighafi. Kapsuli nazo, lebo inasema mbili kwa siku, kwa hiyo ama zinaonekana mbili ama haionekani hata moja, na sisi tuliamua chupa ifungwe kabisa. Mjukuu wake alikuwa anazunguka zunguka jikoni, mzuri kweli kwenye picha, lakini mtoto karibu na chupa ya vidonge hapana, hata kama imefungwa.

Upande wa mwanga, hicho kioo cha kahawia kinasumbua, kinaakisi dirisha zima kama bango jeupe katikati ya lebo. Nilitundika shuka jeupe dirishani, dirisha likiwa kushoto kwa chupa, mwanga ukalainika na ule mng'ao ukawa mstari mwembamba tu pembeni. Kulia nikasimamisha kartoni nyeusi ili ukingo wa kioo uonekane, na nyuma ya chupa nikaficha kipande cha karatasi nyeupe nilichokikata kidogo kuliko chupa yenyewe, bila hicho kahawia inakuwa nyeusi kama oili chafu. Lenzi ya milimita 85, kamera kwenye stendi kama mita moja na nusu, usawa wa lebo, ISO 100, f/8, sekunde 1/8. Kwa f/2, yaani tundu la lenzi likiwa wazi zaidi, maandishi ya pembeni ya lebo yanapotea kwa ukungu, na kwenye bidhaa kama hii yale maandishi madogo ndo yanatakiwa yasomeke, usiyafiche nyuma ya ndizi.

Sasa unajuaje kama picha iko salama? Mi naionyesha kwa watu watatu bila maelezo yoyote, nauliza tu, hapa kuna nini? Ile meza ya kwanza niliipiga na simu kabla hatujaitoa mashine, nikamwonyesha dada wa duka la jirani, akajibu hapo hapo, "ni dawa ya presha". Ile ya pili akasema, "mtu anakunywa chai, na hiyo chupa ni ya nini?" Hilo swali ndo nalitaka, kwa sababu jibu lake analipata kwenye lebo, hajapewa na mpangilio wa vyombo.

Mama alibaki na wasiwasi kwamba picha haiuzi kama haisemi kitu. Namwelewa kabisa, biashara ni yake. Kitu kimoja tu nilichomwomba ni kwamba akiipost asiandike juu yake "kwaheri presha", maana maneno mawili ya simu yanaweza kurudisha ile mashine mezani. Akaandika "Asubuhi yangu na mlonge", na bei chini yake.