Karaoke: Si kweli kwamba anayeshindwa wimbo hana sauti

Dhana: Akikwama kwenye kiitikio, basi kuimba si fani yake.

Ukweli: Mara nyingi sauti anayo, ila muziki umepigwa kwa ufunguo, yaani kimo cha sauti, unaomfaa mtu mwingine. Asiye na mazoezi huimba kwa raha ndani ya oktava moja, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, na noti chache za ziada. Nyimbo nyingi za mapenzi huvuka hapo, tena huvuka kwenye kiitikio, si mwanzoni.

Mchukue baba mwenye sauti nzito aliyechagua wimbo wa Bongo Fleva ulioimbwa na kijana mwenye sauti ya juu. Ubeti wa kwanza anaumudu na watu wanamshangilia. Kiitikio kikifika, kidevu kinainuka, shingo inakakamaa, halafu ama anapiga kelele ama anaporomoka chini ghafla. Dawa yake ni kitufe cha KEY kwenye mashine ya karaoke: shusha nusu toni mbili au tatu. Bora zaidi, mtu anapoandikisha jina, mwombe akuimbie kiitikio kidogo palepale mezani, ujue pa kuuweka muziki kabla hajashika maiki. Ukishusha mpaka maneno ya ubeti yanamfia kooni, wimbo wenyewe ni mpana kumzidi. Mpe mwingine wenye mistari mifupi na kiitikio kinachojirudia.

Kumrekebishia mtu ufunguo si kumpendelea. Daisuke Inoue, mpiga kinanda wa Kobe, Japani, aliyetengeneza mashine yake ya karaoke mwaka 1971, alikuwa na kazi ya kuwasindikiza wateja wa baa kwa muziki unaofuata sauti zao. Mashine yake ilianzia hapo, kwa muziki kumfuata mwimbaji.

Dhana: Fungua na mwimbaji hodari, ukumbi uchangamke.

Ukweli: Ukumbi utachangamka kumsikiliza, kisha kila mwenye haya atakunja karatasi yake na kuirudisha mfukoni. Nani atake kumfuata yule? Mimi ningeanza na mshereheshaji mwenyewe, kwa wimbo ambao meza zote zinaujua, aimbe kawaida na aachie kiitikio kwa watu. Wafuate wawili wawili au meza nzima, maana aibu ikigawanywa hupungua. Hodari aje baada ya watu wanne au watano, na baada yake weka tena wimbo wa pamoja, ili anayefuata asipimwe naye.

Taja majina matatu yajayo kila wimbo unapoisha. Mwenye haya huogopa zaidi kuitwa akiwa hajajiandaa.

Dhana: Mwenye haya avutwe mkono hadi jukwaani.

Ukweli: Ataimba mara moja, kisha ataaga mapema. Mpelekee maiki ya pili palepale alipoketi, aitikie tu wakati mwenzake anaimba beti. Akiitikia vizuri usimtangaze. Mpitishie karatasi ya majina baada ya wimbo mmoja au miwili, naye aamue.