Kusoma Thamani za Grafu Ndani ya PDF Bila Kukisia

Ripoti nyingi huweka grafu bila jedwali lake, na anayezihitaji namba huishia kubandika rula kwenye skrini. Kabla hujafika huko, kuza ukurasa hadi asilimia 1,600. Mstari wa grafu ukivunjika vijisanduku, hiyo ni picha tu, na njia ninayoieleza haitakufaa. Ukibaki mwembamba wenye kingo safi, umechorwa kwa vekta: faili limehifadhi mahali hasa penye kila kona ya mstari huo.

Maelezo hayo kwa kawaida hubanwa. Programu ya bure ya qpdf huyafungua. Hapa tunachukua ukurasa wa 14 peke yake:

```
qpdf --qdf --object-streams=disable ripoti.pdf --pages . 14 -- wazi.pdf
```

Fungua `wazi.pdf` kwa kihariri cha maandishi, utakuta mistari ya namna hii:

```
72 187.28 m
108 201.36 l
144 174.16 l
S
```

Herufi `m` huweka kalamu mahali pa kuanzia, `l` huivuta hadi nukta inayofuata, na `S` hutia wino. Namba ya kwanza ni umbali wa kwenda kulia, ya pili ni wa kwenda juu. Kizio cha kawaida ni sehemu 1 ya 72 ya inchi.

Sasa tafuta vijistari vya alama kwenye mhimili wima, navyo vimechorwa vivyo hivyo. Tuseme alama ya 0 iko kwenye kimo cha 90 na ya 50 kwenye 250. Vizio 160 vimebeba thamani 50, yaani 3.2 kwa kila moja. Nukta ya kwanza ni (187.28 − 90) ÷ 3.2 = 30.4, zinazofuata ni 34.8 na 26.3. Zote zimetua kwenye desimali moja bila masalio, na hiyo ni dalili nzuri kwamba mwandishi alichora namba zilizokwisha kukadiriwa hivyo.

Usiridhike na alama mbili. Ya 25 inapaswa kuwa kwenye 170. Isipokuwa hapo, mhimili haukugawanywa sawasawa. Kwenye grafu ambayo mhimili wake hauna 0, huenda ni wa logi, na itabidi ukokotoe kwa logi za thamani. Angalia pia kama kuna amri ya `cm` iliyobadili vipimo vya sehemu moja ya mchoro, hivyo mstari na mhimili havitumii kipimo kimoja. Hilo la pili ndilo hupoteza watu wengi, maana majibu huonekana ya kawaida kabisa.

Ukikuta `c` badala ya `l`, mstari umepindwa. Kila `c` ina jozi tatu za namba. Mbili za kwanza huelekeza mpindo tu, ya mwisho ndiyo mahali mstari unapofikia. Na kama mchoraji alilainisha takwimu kabla ya kuchora, utapata zilizolainishwa. Za awali hazimo katika faili.