Kwa nini veli ya bibi harusi hutoka na rangi ya migomba

Mpiga picha mmoja wa Moshi alituletea picha ya bibi harusi aliyesimama mbele ya migomba. Mteja alitaka migomba iondolewe, nyuma yake uonekane Mlima Kilimanjaro. Programu ya akili mnemba ilimkata bibi harusi kwa sekunde chache. Mabega yalitoka safi, lakini nywele za pembeni zilipotea na veli ikawa ya kijani.

Programu hizi hazifuati mstari wa mwili kama anavyofanya mtu mwenye mkasi. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, hupewa alama kati ya 0 na 1: 1 ni mhusika, 0 ni mandhari ya nyuma. Alama hizo hutokana na mafunzo ya picha nyingi ambazo watu walikwisha kuzichorea mipaka, na aliyechora mara nyingi hakuhangaika na unywele mmoja mmoja.

Halafu kuna suala la ukubwa. Modeli ya U2-Net, inayotumika katika programu ya bure ya rembg, huibana picha yako iwe 320 kwa 320 kabla ya kuitazama. Picha ya 4000 kwa 3000 ikibanwa hivyo, pikseli moja hubeba eneo lenye upana wa pikseli 12 hivi za awali. Unywele wenye upana wa pikseli 2 humezwa humo. Ramani ya alama inaporudishwa kwenye ukubwa wa awali, hauwezi kufufuka.

Veli ni tatizo jingine kabisa, na hata picha kubwa hailiponyi. Tuseme kitambaa kinazuia asilimia 30 tu ya mwanga wa nyuma. Rangi yake ni 240, 240, 240 (nyekundu, kijani, buluu), migomba ni 60, 120, 50. Kamera itaandika:

```
0.3 × 240 + 0.7 × 60  = 114
0.3 × 240 + 0.7 × 120 = 156
0.3 × 240 + 0.7 × 50  = 107
```

Pikseli hiyo si veli wala si mgomba. Ikipewa 1, unaubeba ukijani hadi kwenye theluji ya Kibo. Ikipewa 0, unapata tundu. Hata ikipewa 0.3, ambayo ndiyo alama sahihi, rangi yenyewe bado imechanganyika: lazima ukijani utolewe na weupe wa kitambaa urudishwe. Programu nyingi za simu huishia kwenye alama tu.

Kukagua, weka mkato juu ya rangi nyekundu tupu, kisha juu ya nyeusi, na uvute karibu. Juu ya nyeupe kasoro nyingi hujificha, ndiyo maana mteja huzigundua kabla yako.

Kwa nywele, kata kipande cha kichwa peke yake, tuseme pikseli 800 kwa 800, ukipitishe tena. Sasa pikseli moja hubeba 2.5 tu. Usikate kidogo mno, kwani programu isipoona uso huenda isijue mhusika ni nani. Kwa veli, yule mpiga picha tulimshauri aipige upya mbele ya ukuta wa kijivu.