Je, ukitumia juzuu moja tu, uandike zote?

"Ninaandika tasnifu kuhusu maisha ya Wakerewe. Riwaya ya Kitereza ina juzuu mbili, nami nimenukuu ya pili tu. Kwenye marejeo niandike zote mbili au hiyo moja?"

Hiyo moja inatosha. Namba ya juzuu ikishakaa kwenye orodha ya marejeo, ndani ya matini huna haja ya kuirudia. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini juzuu za Kiswahili zilitoka 1980, na huo ndio mwaka wa kuandika kwa sababu ndicho kitabu ulichokishika mkononi:

Kitereza, Aniceti. 1980. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Juz. ya 2. Dar es Salaam: Tanzania Publishing House.

Ukinukuu, tuseme, ukurasa wa 112, kwenye matini utaandika (Kitereza 1980, 112), basi.

Mambo hubadilika pale unapotumia juzuu zote mbili. Hapo orodha inabeba kazi nzima, "Juzuu mbili" badala ya "Juz. ya 2", na namba ya juzuu inahamia kwenye matini: (Kitereza 1980, 2:112). Kwa mtindo wa Chicago, namba iliyo kabla ya nukta mbili ni juzuu, iliyo baada yake ni ukurasa. Vurugu huanzia hapa. Mtu anaorodhesha kazi nzima, kisha kwenye matini anaandika 112 peke yake. Msimamizi wako pale chuoni Nyegezi akifungua juzuu ya kwanza ukurasa huo, akakuta habari nyingine kabisa, atadhani umebuni nukuu. Mimi namwelewa. Ukitaka kujikagua, chukua nukuu moja, jifanye hujawahi kukiona kitabu, uone kama utajua ushushe juzuu ipi rafuni.

Kitereza ni rahisi kwa kuwa mwandishi ni mmoja na mwaka ni mmoja. Historia ya Afrika ya UNESCO ilianza na juzuu nane: ya kwanza ilitoka 1981 chini ya uhariri wa Ki-Zerbo, ya saba 1985 chini ya Boahen, ya nane 1993 chini ya Mazrui. Kila juzuu ina mhariri wake na mwaka wake, na kila sura ina mwandishi wake. Kwa hiyo sura ya saba ya juzuu ya saba, inayohusu upinzani wa Afrika Mashariki, huingia kwa jina la Mwanzi aliyeiandika. Linafuata jina la sura, kisha juzuu, kisha Boahen kama mhariri, na mwaka ni 1985. Ukiweka 1981 kwa sababu ndio mwaka uliouona kwenye juzuu ya kwanza, umempa Mwanzi chapisho la miaka minne kabla halijatoka.