Eti Kampuni Mama Isipouliza Haishtakiwi

Kila ninapoketi na wakurugenzi wa kampuni mama hapa Nairobi kupanga usimamizi wa kampuni zao tanzu, yaani zile wanazozimiliki, hukutana na kauli ile ile: tusiulize wala tusiandike lolote, kwa kuwa tukishajua tutawajibishwa kwa madhara yanayosababishwa na kampuni hizo. Nimeisikia kupita kiasi, na si kweli.

Mahakama za Uingereza, ambazo maamuzi yake hayaifungi mahakama yetu ingawa husomwa kwa makini, huuliza ni kwa kiasi gani kampuni mama iliingilia uendeshaji wa shughuli iliyoleta madhara. Mwaka 2018, wafanyakazi na wakazi wa shamba la chai la Kericho walioshambuliwa baada ya uchaguzi wa 2007 walishindwa kuishtaki Unilever kule London, kwa sababu kampuni yake tanzu ya Kenya ndiyo iliyojipangia yenyewe namna ya kukabiliana na dharura. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanavijiji wa Zambia kuendelea na kesi dhidi ya kampuni mama Vedanta kuhusu maji yaliyochafuliwa na mgodi wa Nchanga. Vedanta ilikuwa imetangaza hadharani kwamba inasimamia viwango vya mazingira katika kampuni zake, na mahakama ikasema kwamba anayetangaza usimamizi kisha asiutekeleze anaweza kuwajibika kwa kutotenda huko. Kwa hiyo kunyamaza baada ya kuahidi si kinga.

Chukua mfano wa kiwanda chenye boila kuukuu. Kampuni mama inaweza kuweka kikomo cha matumizi ambacho kikipitwa idhini ya mwanahisa itahitajika, kudai ripoti ya usalama kila robo mwaka, na kuuliza kwa nini ukaguzi umechelewa; huo ni uangalizi wa mwenye hisa. Lakini meneja wa makao makuu akimwandikia fundi mkuu kwamba ukarabati usubiri hadi Januari, bila bodi ya kiwanda kujua, basi boila ikilipuka wakili wa majeruhi ataanza na barua pepe hiyo.

Wengine hudhani kwamba kumiliki hisa zote kunatosha kuifanya kampuni mama iwajibike. Sivyo, kesi ya Salomon ya 1897 kule Uingereza ilikwisha kuamua kwamba kampuni ni mtu tofauti na wenye hisa wake.

Kuna pia dhana kwamba mkurugenzi tuliyemteua kwenye bodi ya kampuni tanzu ni mjumbe wetu. Kifungu cha 144 cha Sheria ya Makampuni ya 2015 kinamtaka aamue kwa fikra zake mwenyewe, hata kama mshahara wake unatoka kwetu.

Ndiyo maana nikipewa faili la kampuni tanzu, naanza na kumbukumbu za vikao. Zikisema “bodi ilipokea maagizo ya makao makuu na kuyapitisha”, nina wasiwasi. Zikionyesha kwamba sera ya kundi zima la kampuni ililetwa, mkurugenzi mmoja akapinga kipengele kisichofaa mazingira ya kiwanda, kikarekebishwa, ndipo bodi ikaipitisha kuwa sera yake, hapo nina cha kumtetea mteja wangu.